Mwiko wa Muda Mfupi katika Kupanga Kazi

Wengi hufundisha kwamba mpango wa kazi ubadilishwe pale tu badiliko linapoleta nafuu. Kwa maoni yangu, kanuni hiyo haitoshi.

Tuchukue mashine ya kudurufu yenye kazi tatu. Kazi A huchukua dakika 60, nayo yatakiwa kufikia dakika ya 60. B huchukua 20, yatakiwa kufikia ya 80. C huchukua 40, yatakiwa kufikia ya 50. Mpango ABC huichelewesha C kwa dakika 70. Tukibadilishana kazi mbili zilizo jirani twapata BAC au ACB, na katika kila mmoja jumla ya ucheleweshaji ni dakika 90. Mwenye kufuata kanuni ile hukomea hapo.

Fred Glover, aliyeipa njia ya mwiko jina lake mwaka 1986, aliruhusu hatua ya kurudi nyuma. Lakini ruhusa peke yake haifai kitu: ukiwa kwenye ACB, jirani aliye bora ni ABC ile ile. Kwa hiyo jozi iliyobadilishwa hupigwa mwiko kwa hatua mbili zifuatazo. B na C zikiwa mwiko, hatuna budi kwenda CAB, dakika 80. Kisha CBA, dakika 60, ambao ndio bora katika mipango yote sita.

Mwiko usirefushwe. Ukidumu hatua tatu, jozi zote tatu hufungwa na njia hukwama. Tena mpango bora uandikwe kando, maana hatua ya nne, BCA, huturudisha kwenye dakika 70.