Nikahi bila cheti: ulizaneni mapema

Juzi nilikwenda kutoa pole kwa mama mmoja wa kwetu hapa London. Aliozwa miaka kumi na tisa nyuma: shekhe alikuja, mahari yakatolewa, pilau ikaliwa. Kuandikisha ndoa serikalini, wakawa wanasema "tutakwenda". Bwana kafariki bila ya wosia, na nyumba ni ya jina lake peke yake. Mama yumo edani, mwanasheria anamwambia kuwa kwa sheria ya England yeye si mjane.

Na ndivyo ilivyo. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ilisema nikahi pekee iliyofungwa huku haihesabiki kuwa ndoa. Asiye na ndoa ya serikali hana fungu kwenye mali isiyo na wosia, hata mkae pamoja miaka arubaini. Nyumba imekwenda kwa watoto watatu. Thumuni yake aliyopewa na Mwenyezi Mungu haimo popote. Anaweza kudai mahakamani chini ya sheria ya 1975, kwa kuwa waliishi pamoja zaidi ya miaka miwili, na ana miezi sita tangu kutolewa hati ya mirathi. Lakini atakaodaiana nao ni wanawe mwenyewe.

Najua kwetu ukimtajia mtu kifo unaambiwa unamwombea. Basi usianze na kifo, anza na karatasi. Mwambie, "Baba Salim, hebu tuangalie nyumba hii imeandikwa vipi." Ikiwa kwa majina ya wawili kwa umiliki wa pamoja usiogawanywa, anayebaki anaichukua yote. Kisha muulize fomu ya pensheni ya kazini imetaja nani. Pensheni aghalabu haifuati wosia, inafuata fomu ile, na wengine bado wameandika jina la mama yao.

Mwisho ni wosia. Hapo bwana atasema, "Mrithi hausiwi." Kweli, lakini hapa humpi zaidi ya haki yake. Unaandika fungu lake la sharia, thumuni kukiwa na watoto, robo wasipokuwepo, ili mahakama ya huku ilitambue. Utie saini mbele ya mashahidi wawili walio pamoja nawe, na shahidi asiwe mwenye kurithi wala mume au mke wa anayerithi, la sivyo huyo hukosa fungu lake.

Na mkienda baadaye kuandikisha ndoa, ambalo ndilo nawashauri, jueni kuwa ndoa hiyo inaufuta wosia wa zamani, isipokuwa wosia wenyewe umetaja kuwa mnakusudia kuoana. Andikeni mwengine wiki hiyohiyo.

Yule mama aliniambia hakuwahi kumuuliza mumewe kwa sababu aliona haya. Wewe uliza leo usiku, watoto wakishalala.