Kibanda cha mita tisa

Kwenye kipindi cha wiki hii nilitaja kile kibanda chetu pale Stockholmsmässan, Älvsjö, na wengi mmeniandikia: "Kwani mlitumia pesa ngapi?" Sawa, leo nafungua daftari. Hizi ni hesabu zetu za Januari mwaka jana, bila momsi kwa sababu kampuni yangu ndogo imesajiliwa na inairudisha. Bei za maonyesho mengine zitakuwa tofauti, lakini mafungu ya matumizi ni yale yale.

Biashara yenyewe ni vyondo vya mkonge. Anti yangu yuko Machakos, kwenye kikundi cha akina mama 45 wanaosuka. Mimi niko Farsta na nauza kidogo kidogo kwa marafiki. Mama yangu ndiye aliyetoa akiba yake ili tupeleke vyondo mbele ya wenye maduka, kwa hiyo kila krona kwenye daftari hili ina sura ya mama.

Tulianza na nafasi. Maonyesho huuza sakafu kwa mita ya mraba, halafu kuna ada ya kujiandikisha juu yake. Mita 9, yaani tatu kwa tatu, pamoja na ada, ilikuwa krona 26,500. Nikafikiri hapo nimemaliza kazi kubwa. Kumbe nimenunua sakafu tu! Kuta, zulia, umeme, taa, yote unaagiza mwenyewe, na kuna tarehe ya mwisho. Ukichelewa, unaongezewa bei. Mimi nilichelewa kuagiza taa, kosa langu kabisa. Kuta, zulia, umeme, taa na rafu zikala 11,200.

Fungu la tatu ni sampuli. Tulileta vyondo 40 kwa ndege, na ukijumlisha bei ya wasukaji, usafiri na wakala wa forodha inafika 9,900. Hapa nusura tuharibu. Anti aliandika kwenye karatasi "sampuli, hazina thamani". Wakala akanipigia simu akaniambia hivyo haiwezekani. Kiondo kizima kinachoweza kuuzwa kina thamani, hata kama wewe unakiita sampuli. Msamaha wa sampuli ni kwa vitu vya thamani ndogo sana, na forodha wanaweza kudai vitobolewe au viwekwe alama ili visiuzike tena. Nani atoboe kiondo anachotaka kukionyesha? Tukaandika ankara upya na bei halisi. Pia unahitaji namba ya EORI, ile ya kutambulisha kampuni yako kwa forodha za Ulaya. Iombe mapema, usisubiri mzigo ufike Arlanda.

La nne, safari. Tiketi ya Anti kutoka Nairobi, viza, bima ya safari, nauli za hapa na chakula: 14,000. Hoteli ilikuwa sofa ya mama. Viza ya Schengen unaweza kuiomba hadi miezi sita kabla ya safari, na bima lazima ifike angalau euro 30,000. Tiketi nunua ya kubadilishika, kwa sababu barua ya mwaliko haimaanishi viza.

Jumla ni 61,600. Tukaongeza 6,400 za dharura, ikawa 68,000.

Sasa ndiyo sehemu ambayo watu wengi huandika kwa matumaini tu: wateja watarajiwa. Mimi niliandika "100" kwa sababu inapendeza machoni. Anti, ambaye hajawahi kukaa darasa la biashara, akaniuliza, "Mia moja ya nini, mwanangu?" Ikabidi tuhesabu kutoka nyuma.

Kiondo kimoja tunauzia duka krona 320. Kikija kwa wingi kinatugharimu kama 200 hadi kifike hapa. Faida ni 120. Duka likianza na vyondo 30, tunapata 3,600. Gawanya 68,000 kwa 3,600, unapata karibu 19. Kwa hiyo maduka 19 yakiagiza, mama anarudishiwa akiba yake. Nikakisia kwamba kati ya watu watano wanaoacha jina, mmoja ataagiza. Hapo tunahitaji majina 95 kwa siku tatu. Maonyesho yako wazi saa nane kwa siku, jumla saa 24, kwa hiyo ni majina manne kila saa, dakika 15 kwa kila mtu. Inawezekana, nikasema, tuko wawili.

Anti akanyamaza, halafu akauliza swali lingine. "Maduka 19 mara 30 ni vyondo 570. Nani atasuka?" Kila mama anasuka kama vitatu kwa mwezi, katikati ya shamba na watoto. Akina mama 45 wanatoa 135 kwa mwezi. Hivyo 570 ni zaidi ya miezi minne ya kusuka, bila kuhesabu meli. Na duka linaloagiza Januari linataka mzigo kabla ya majira ya joto. Yaani hata kama kibanda kingefanya maajabu, tusingeweza kurudisha pesa yote kwa maonyesho mamoja. Mikono ya Machakos ndiyo iliyokuwa mpaka wetu. Wingi wa majina usingetusaidia.

Hilo lilibadilisha tulivyofanya kazi pale kibandani. Tuliacha kukusanya kila kadi. Kila mtu tulimuuliza mambo matatu: una duka la aina gani, ungeanza na vingapi, na unavitaka lini. Majibu tuliandika nyuma ya kadi papo hapo, maana jioni huwezi kukumbuka nani ni nani. Tulipata majina 87. Lakini yenye majibu yote matatu yalikuwa 21 tu. Wengine 30 walikuwa "labda". Waliobaki 36 walikuwa wanafunzi, washindani wetu, watu waliotaka kutuuzia sisi mifuko ya karatasi, na mama mmoja mzee aliyependa tu kuongea na Anti, tena kwa Kiswahili, kwa sababu aliwahi kuishi Moshi.

Wiki iliyofuata nilipiga simu kwa wale 21 kwanza. Mpaka Mei maduka 11 yalikuwa yameagiza, vyondo 330, na karibu wote walitoka kwenye kundi hilo. Faida 39,600. Manne yakaagiza tena vuli, 14,400 nyingine. Jumla 54,000. Ile akiba ya dharura ilitumika yote kwa kuchelewa kwa taa na kusafirisha mzigo wa ziada, kwa hiyo mama bado anadai 14,000.

Nilipompelekea karatasi, mama aliisoma mpaka chini, akaweka miwani mezani. "Sasa hii elfu kumi na nne ni hasara au ni deni?" Nikamwambia ni deni, mradi yale maduka manne yaendelee kuagiza. Akasema basi niandike hivyo, na tarehe.

Nimeandika. Mwaka huu tunarudi na mita 6, sampuli 15 badala ya 40 kwa sababu wanunuzi walishika zile zile kumi na mbili za mbele, na taa zimeshaagizwa. Kwenye mstari wa wateja watarajiwa nimeandika 25, na pembeni Anti ameongeza kwa kalamu: akina mama sasa ni 60.