Afisa Fedha wa Nachingwea na Ruangwa: Tangazo Lieleze Kazi Yenyewe

Asasi ndogo isiyo ya kiserikali wilayani Nachingwea au Ruangwa ikipata mfadhili mpya, moja ya masharti ya kwanza huwa ni kuajiri afisa fedha. Mara nyingi tangazo linalofuata huwa limenakiliwa kutoka shirika kubwa la Dar es Salaam: shahada ya uhasibu, CPA(T), uzoefu wa miaka mitano, umahiri wa kompyuta, uwezo wa kufanya kazi kwa shinikizo. Chini yake kuna orodha ndefu ya majukumu, kuanzia kuandaa bajeti hadi kutunza stoo. Msimamo wangu ni kwamba tangazo la namna hiyo linaiumiza asasi kwa njia mbili. Linamkabidhi mtu mmoja mnyororo mzima wa fedha, na linawafukuza waombaji ambao kazi ya huku wangeiweza.

Tuanze na maelezo ya kazi, kwa sababu sifa za mwombaji zinapaswa kutoka humo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa taarifa za ajira kwa maandishi, na maelezo ya kazi ni mojawapo. Hati hiyo ndiyo itakayosomwa siku afisa anapotuhumiwa kuzembea. Kama ndani yake imeandikwa tu "kusimamia fedha zote za asasi", hakuna atakayeweza kusema ni lipi alilotakiwa kufanya na hakulifanya.

Tuchukue asasi ya kufikirika yenye ofisi kuu Nachingwea mjini na chumba kimoja cha ofisi Ruangwa. Ina wafanyakazi saba na wafadhili wawili, na inafundisha wakulima wa ufuta na korosho kwenye vikundi. Kesho kutwa kuna mafunzo ya siku moja kijijini kwa wakulima 40. Kila mmoja atapewa nauli ya shilingi 10,000, jumla 400,000. Chakula ni 320,000, ukumbi 50,000 na mafuta ya gari 180,000. Ofisa mradi anaomba masurufu ya shilingi 950,000.

Fedha hiyo inapita hatua tano: kuna anayeomba, anayeidhinisha, anayelipa, anayeandika kwenye vitabu, na anayelinganisha vitabu na taarifa ya benki. Katika asasi ya watu saba haiwezekani kila hatua ipate mtu wake, na wakaguzi wanalijua hilo. Lakini inawezekana kabisa kuandika kwamba afisa fedha hataidhinisha malipo anayoyaandaa, na kwamba ulinganisho wa benki anaoufanya kila mwezi utapitiwa na kusainiwa na mweka hazina wa bodi akiwa na taarifa halisi ya benki mkononi. Kwa hiyo maelezo mazuri ya kazi yana sehemu ambayo matangazo yetu hayana: mambo ambayo afisa fedha haruhusiwi kuyafanya. Haweki saini peke yake kwenye hundi. Haongezi jina la mlipwaji kwenye mfumo wa benki bila mwingine kuthibitisha. Hatunzi namba ya siri ya mkurugenzi.

Hilo la mwisho ndilo linaloharibika kwanza. Huduma ya benki kwa mtandao hutenganisha anayeandaa muamala na anayeuidhinisha. Mkurugenzi anaitwa Dodoma kwenye kikao, malipo yanasubiri, naye anampigia simu afisa fedha na kumtajia namba yake ya siri. Kuanzia dakika hiyo saini mbili zimekuwa moja, ingawa kwenye karatasi bado zinaonekana mbili. Huhitaji mkaguzi kuligundua. Angalia saa za miamala: maandalizi na idhini vikifuatana kwa sekunde chache, kutoka kompyuta ileile, siku ambayo mkurugenzi alikuwa safarini, jibu unalo.

Turudi kwenye zile 950,000. Mafunzo yakiisha, ofisa mradi analeta marejesho: karatasi ya mahudhurio yenye saini, risiti ya kituo cha mafuta, hati ya mama lishe aliyepika na stakabadhi ya ukumbi. Hapa ndipo kazi ya afisa fedha wa Nachingwea inapotofautiana na ya mwenzake wa Dar es Salaam. Mama lishe wa kijijini hana mashine ya EFD, kwa hiyo lazima asasi iwe na fomu yake ya kukiri mapokezi, yenye jina, namba ya simu, kiasi na saini au dole gumba. Kituo cha mafuta mjini kina mashine hiyo, na risiti ya mkono kutoka pale haikubaliki. Afisa anayeijua tofauti hii hatamsumbua mama lishe, wala hatamwachia mwenye kituo.

Kisha ile karatasi ya mahudhurio. Afisa makini huiweka mezani kando ya karatasi ya mafunzo yaliyopita ya kijiji hichohicho. Mtu yuleyule amesaini kwa mwandiko uleule? Majina kumi ya mwisho yameandikwa kwa kalamu moja na mkono mmoja? Tarehe imeangukia siku ya mnada wa ufuta, ambayo nusu ya kijiji ilikuwa ghalani? Nauli zikilipwa kwa simu kuna mtego mwingine. Wakulima wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtoto au jirani, hivyo jina linalotokea kwenye muamala halifanani na lile la mahudhurio. Dawa yake ni safu moja zaidi kwenye karatasi, ya jina lililosajiliwa kwenye laini, na ijazwe palepale mkulima akiwepo. Ikijazwa ofisini baada ya wiki, inakuwa ya kubahatisha.

Maelezo ya kazi yanapaswa kuyataja haya kwa muda na kiasi. Kwa mfano: kupokea na kukagua marejesho ya masurufu ndani ya siku saba baada ya shughuli, na kutotoa masurufu mapya kwa mwenye marejesho yaliyochelewa, kuhesabu fedha taslimu za ofisi ya Ruangwa bila taarifa angalau mara moja kwa mwezi, na kuwasilisha kodi ya mishahara na kodi ya zuio TRA kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Kanuni za mwaka 2018 za Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali nazo zinadai mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Hilo nalo liwe na mwenyewe, la sivyo mkataba utabaki kwenye droo ya mkurugenzi.

Kazi ikishaandikwa hivyo, swali la sifa linakuwa jepesi, na ndipo penye ubishi mkubwa. Je, tudai CPA(T)? Wanaosema ndiyo wana hoja. Cheti hicho cha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, kinamtuliza mfadhili, na mwenye cheti anaogopa kupoteza usajili wake. Siipuuzi hoja hiyo. Lakini mwenye CPA(T) anayekubali mshahara wa asasi ya wilayani mara nyingi huendelea kutafuta kazi mjini, na akiondoka katikati ya mwaka wa fedha anaacha vitabu ambavyo hakuna wa kuvimalizia. Kazi niliyoieleza hapo juu inahitaji zaidi ukaguzi wa kila siku wa hati kuliko viwango vya kimataifa vya uhasibu. Kwa hesabu za mwisho wa mwaka, asasi inaweza kusaidiwa na mtaalamu aliyesajiliwa kwa mkataba wa muda mfupi, ambaye si yule mkaguzi wa nje.

Kwa hiyo sifa ya lazima iwe shahada au stashahada ya juu ya uhasibu, na usajili wa NBAA au mitihani inayoendelea iwe sifa ya ziada. Chuo cha Uhasibu Tanzania, TIA, kina kampasi Mtwara, na wahitimu wake si wageni wa kusini. Uzoefu nao usipimwe kwa miaka tu. Eneo hili lina shule ya fedha ambayo matangazo yetu hayaitambui, nayo ni vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, vilivyo chini ya RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Aliyetunza vitabu vya AMCOS katika mfumo wa stakabadhi ghalani amelipa mamia ya wakulima baada ya mnada, amekata makato na kuyaeleza mbele ya mkutano mkuu wenye hasira, na amekaguliwa na COASCO. Huyo anaijua fedha ya wakulima. Anachokikosa, yaani kutenganisha fedha za wafadhili wawili na kuandika ripoti kwa fomu ya mfadhili, kinafundishika ndani ya miezi michache. Tangazo linalodai "uzoefu wa miaka mitano katika asasi za kimataifa" linamtupa nje kabla barua yake haijafunguliwa.

Sisemi tuajiri wenyeji tu. Kifungu cha 7 cha sheria ileile ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa kabila au mahali mtu anapotoka, na vilevile kwa umri, jinsia na hali ya ndoa, na kinawalinda hata waombaji wa kazi. "Awe mzaliwa wa Lindi" au "asizidi miaka 35" ni maneno ya kufutwa. Asasi inaweza kudai kile ambacho kazi inakihitaji: awe tayari kuishi Nachingwea, kusafiri Ruangwa na vijijini hata masika, na kuzungumza na wakulima kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Uadilifu haupimwi kwa kuuandika. Kila mwombaji ataandika kwamba ni mwaminifu. Sifa isiyo na njia ya kuipima iondolewe kwenye orodha, na zilizobaki zipimwe kwa jaribio kabla ya maswali ya usaili. Mpe mwombaji kitabu cha benki chenye baki ya 8,430,000 na taarifa ya benki yenye 9,115,000. Ndani yake ficha hundi ya 750,000 ambayo haijafika benki, fedha ya 50,000 iliyopelekwa siku ya mwisho na bado haijaonekana, na ada ya benki ya 15,000 ambayo haijaandikwa. Anayeijua kazi atafika 8,415,000 pande zote mbili. Kisha mpe marejesho yenye karatasi ya mahudhurio iliyosainiwa kwa mkono mmoja, bila kumwambia lolote. Atakayenyanyua kichwa na kuuliza mbona hivi ameonyesha kitu ambacho vyeti vyake havikuweza kukionyesha.

Wajumbe wa bodi wenye nafasi ya kujaza mwaka huu, msianze na tangazo la jirani. Chukueni hati 10 za malipo za mwezi uliopita, mfuate kila moja kutoka ombi hadi ulinganisho wa benki, na mwandike ni nani alifanya nini. Pale jina moja linapojirudia kwenye hatua zaidi ya mbili, pawekeni mtu wa pili. Andikeni maelezo ya kazi kutokana na hapo, na mweka hazina ayasaini kabla tangazo halijabandikwa.