Maneno ya Kapteni Kabla ya Fainali



Kumekuwa na ubishi mwingi mahali petu pa chai juu ya jambo moja. Timu ya wanawake iliyopuuzwa miaka mingi inapofika fainali, kapteni wake awaambie nini wenzake kabla ya kutoka chumbani? Wengi wasema awakumbushe dhiki zote: posho zilizochelewa, viwanja walivyonyimwa, magazeti yaliyowapa mistari miwili. Wakumbuke, wapandwe na hasira, na hasira iwape nguvu. Sisi twaona sivyo. Na kwa kuwa baadhi yenu mna mabinti wanaocheza, na wengine kati yenu ni makapteni wenyewe, hatuna budi kueleza sababu zetu.

Tuchukue fainali moja ambayo wengi wetu twaikumbuka, ile ya michuano ya wanawake ya CECAFA, Kenya na Tanzania, iliyochezwa Chamazi, Dar es Salaam, tarehe 25 Novemba 2019. Tuseme wazi kwamba hatukuwamo chumbani siku ile, na yaliyosemwa mle ni mali yao wenyewe. Tutakayoandika hapa chini ni maneno ambayo sisi tungependa kuyasikia.

Kwanza yafaa mjue kupuuzwa kwenyewe kulikuwa kwa namna gani. Michuano hiyo ya wanawake ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1986, Zanzibar ikachukua kikombe. Kisha kimya. Mara ya pili ilikuwa mwaka 2016, kule Jinja, Uganda. Hesabuni wenyewe: miaka 30. Msichana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1986, mwenye mguu mzuri na pumzi nzuri, alifika miaka 48 kabla ya kombe hilo kurudi. Muda huo wote kombe la wanaume lilikuwa likichezwa, likikosa miaka michache tu. Hakuna aliyeandika barua ya kuwafukuza wanawake. Hawakuitwa tu.

Jinja mwaka 2016 Kenya ilifika fainali ikafungwa na Tanzania 2 kwa 1. Mwaka 2018, kule Kigali, Tanzania ikachukua tena. Basi mwaka 2019 wasichana wetu waliingia fainali ugenini, mbele ya watu wa mwenye nyumba, wakikutana na timu iliyochukua kikombe mara mbili mfululizo na ambayo ilikwisha kuwanyang'anya fainali moja. Kwa upande wao, walikuwa wamecheza mechi nne bila kufungwa hata goli moja.

Sasa turudi chumbani. Watu wengi hudhani kapteni ana saa nzima ya kuhutubia kama mtu wa siasa uwanjani. Hana. Wachezaji wakirudi kutoka kupasha misuli moto, wanabadili fulana, wanafunga viatu, wengine wanakwenda chooni, kocha anarudia maneno yake ya mwisho juu ya nani amkabe nani. Refa naye anawaita mapema ili viatu na vilinda ugoko vikaguliwe, timu zipange mstari. Kinachobaki kwa kapteni ni dakika mbili hivi, mara nyingine moja. Mtu mwenye dakika mbili hawezi kusimulia miaka 30, na akijaribu atakuwa ameitumia nafasi yake ya mwisho kuzungumza juu ya watu wasiokuwamo uwanjani.

Hilo ndilo kosa la kwanza la hotuba ya hasira: hasira yenyewe haina wa kumwangukia. Aliyekunyima posho yuko ofisini, au amekaa jukwaani kwenye kivuli. Walio mbele yako ni wasichana 11 wa Tanzania, na hao nao walipuuzwa miaka ile ile 30, na watu wa aina ile ile. Ukimpiga teke msichana wa Kinondoni kwa sababu ya deni la bwana fulani wa Nairobi, umemkosea msichana, na bwana yule hana habari.

Kosa la pili laonekana miguuni. Mchezaji aliyechemka kupita kiasi hukimbia ovyo dakika kumi za kwanza, na kufika kipindi cha pili pumzi imekwisha. Mguso wake wa kwanza huwa mzito. Mpira unamfika na kumruka mita mbili badala ya kulala mguuni. Anapiga mbele mahali ambapo angempa mwenziwe wa karibu. Anaingia kwa nyuma, analia na refa. Akipata kadi ya njano dakika ya nane, basi kama ni beki amefungwa mikono: dakika 80 na zaidi zilizobaki hawezi kuingia kwa nguvu hata panapostahili, na mshambuliaji wa upande wa pili akilijua hilo atamfuata yeye kila mara. Yote hayo kwa ajili ya maneno matamu ya dakika mbili.

Hatusemi wachezaji wawe baridi kama maji ya mtungi. Kuna anayepoa mno, naye ni hatari vile vile. Kapteni mwenye macho humwona: afunga kamba za viatu mara tatu, haangalii mtu, ukimwuliza jambo ajibu lingine. Huyo ahitaji moto kidogo. Yule anayepiga kelele na kugonga makabati ahitaji maji. Hotuba moja haiwezi kufanya kazi zote mbili, kwa hiyo kapteni mzuri husema na wote kwa sauti ya kawaida, kisha wakiwa njiani kutoka humshika bega huyu na yule na kumnong'oneza lake.

Basi kama sisi tungepewa kalamu siku ile ya Chamazi, tungeandika hivi:

"Wenzangu, sogeeni karibu, kwa sababu huko nje hatutasikiana. Kelele zitakuwa zao, na ni haki yao, ni kwao. Kwa hiyo tutumie mikono kama tulivyokubaliana. Nikiinua mkono, mstari wa nyuma wapanda. Nikiushusha, tunakaa.

"Wamechukua kombe hili mara mbili. Waliokuwako Jinja wanajua jinsi wanavyocheza wakipata goli la mapema. Dakika kumi za kwanza hatutoi faulo karibu na eneo letu na hatupotezi mpira katikati. Mpira ukiwa mgumu, upelekwe pembeni, utoke nje, tujipange tena. Hakuna aibu katika mpira wa kurushwa.

"Mechi nne hatujafungwa. Leo tunaweza kufungwa. Likiingia, kipa asilaumiwe na mtu asitazame chini. Mimi nitauchukua mpira wavuni na kuupeleka katikati nikitembea, na mpaka nifike kila mmoja awe amekwisha rudi mahali pake.

"Neno moja juu ya miaka tuliyoachwa. Wakati hakuna aliyekuja kututazama, tulitazamana wenyewe. Mimi najua wewe ukichoka unainamisha bega gani. Wewe wajua mimi napenda mpira mguu gani. Hilo hatukupewa na mtu, na leo tutalitumia. Mengine yote nimeyaandika, yako kwenye mfuko wangu, na kesho nitayapeleka yanapohusika. Twendeni."

Ukisoma polepole hayafiki dakika mbili. Tazameni yalivyojengwa. Karibu kila sentensi ni kazi ambayo mtu aweza kuifanya kwa mguu au kwa mkono. Lile la kufungwa ndilo tunalolithamini kuliko yote, maana timu iliyopita mechi nne bila kufungwa huwa na udhaifu wake wa siri: haijajifunza siku hizo kuwa nyuma. Goli la kwanza likiiingia huweza kuduwaa kwa dakika tano, na dakika tano hizo ndipo la pili huja. Ni afadhali kapteni alitaje goli hilo chumbani, akaligawia kazi, kuliko wachezaji wakutane nalo kama mgeni.

Na kuachwa kwenyewe kumetajwa mara moja tu, tena si kama deni. Kumetajwa kama chombo cha kazi. Timu ambayo haikutazamwa na mtu hujuana kwa namna ambayo timu yenye wapambe haijuani, na hilo ni jambo la kweli ambalo laonekana katika pasi. Kapteni akisema hivyo hadanganyi, wala hawabembelezi.

Mechi yenyewe mwajua ilivyokwenda. Kipindi cha kwanza kilikwisha bila goli. Mtu mwenye haraka ya kulipiza kisasi angekwisha kuchanganyikiwa. Wetu walingoja, na katika kipindi cha pili Jentrix Shikangwa akafunga mawili. Kenya 2, Tanzania 0, na kombe likaja Nairobi kwa mara ya kwanza. Hatudai kwamba hotuba yo yote ndiyo iliyofunga magoli hayo. Magoli yalifungwa na miguu iliyotulia.

Sasa kuna ndugu mmoja ambaye amekwisha tuuliza: je, malalamiko yamezwe? Kama kapteni hasemi chumbani, atasema lini? Swali ni la haki, na jibu lake tulilipata Nigeria. Tarehe 3 Desemba 2016 wanawake wa Nigeria waliifunga Kamerun 1 kwa 0 kule Yaoundé, mbele ya watu wa Kamerun, wakawa mabingwa wa Afrika. Walikuwa wakidai malipo yao. Mechi waliicheza mpaka kipenga cha mwisho. Kisha waliporudi Abuja wakakaa hotelini na kukataa kuondoka mpaka walipwe, na kombe wakabaki nalo wenyewe. Tarehe 14 Desemba, siku ambayo rais wao alikuwa akipeleka bajeti bungeni, wakaenda huko kwa miguu wakiwa na mabango. Siku chache baadaye fedha zikatoka.

Angalieni walivyochagua siku. Kama wangepeleka hasira ile uwanjani Yaoundé wakafungwa, wangerudi Abuja wakiwa timu iliyoshindwa ambayo yadai fedha, na mwajua jinsi wakubwa wanavyowajibu walioshindwa. Walirudi na kombe mkononi. Lakini na hili tuliseme: si haki hata kidogo kwamba mfanya kazi lazima awe bingwa wa Afrika ndipo alipwe alichoahidiwa. Waliofungwa siku ile nao walicheza dakika zile zile 90. Ndiyo maana karatasi ile ya mfukoni iandikwe kabla ya fainali, ionyeshe tarehe, kiasi kilichoahidiwa na jina la aliyeahidi, na wachezaji wote watie sahihi wakati matokeo bado hayajulikani. Ikiandikwa baada ya kushindwa itaitwa kisingizio, na ikiandikwa baada ya kushinda wataitwa wenye tamaa.

Kapteni aiweke sahihi yake ya kwanza, aikunje, aitie mfukoni, kisha aingie chumbani kuzungumza juu ya mikono, pembeni, na dakika kumi za kwanza.