Faini Iliyokuja kwa Simu

Mwisho wa mwezi uliopita jirani yangu, ambaye gari lake dogo huchukua ndizi katika soko la Mabibo, aliletewa ujumbe wa simu uliotaja namba ya gari lake barabara bila kukosea hata herufi moja. Uliambiwa ni wa trafiki. Ulimweleza kuwa alikuwa na deni la shilingi 30,000 kwa kosa la mwendo wa kasi, na kwamba asipolipa kabla ya saa 12 jioni gari litakamatwa. Chini yake palikuwa na namba ya simu ya kupelekea fedha. Akalipa papo hapo. Siku ya tatu askari akamsimamisha Ubungo, akatazama katika mashine yake, akamwambia kuwa deni lingalipo.

Jambo lililomtatiza jirani yangu ni kwamba deni lile lilikuwa la kweli. Aliniuliza, “Mwizi alijuaje?” Jibu lake si gumu. Polisi wa Tanzania wameweka tovuti ambamo mtu yeyote akiandika namba ya gari huonyeshwa madeni yake. Namba ya gari imebandikwa mbele na nyuma, na kila mpita njia huisoma. Namba ya simu ya jirani yangu nayo ameichora mwenyewe kwenye bodi la gari, ili wenye mizigo wampigie. Basi tapeli hakuhitaji zaidi ya kusimama sokoni kwa dakika mbili. Ndiyo maana nasema kuwa ujumbe kulitaja kosa lako kwa usahihi si ushahidi wa nani aliyeuandika. Hata jina linaloonekana juu ya ujumbe mahali pa namba laweza kughushiwa.

Twende basi kwenye njia ya fedha, maana hapo ndipo uongo hujitenga na ukweli. Faini ya serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi wetu twaiita kontro namba. Namba hiyo huiingizi mahali pa kumtumia mtu fedha, bali huiingiza katika sehemu ya malipo ya serikali ndani ya simu, au huipeleka benki ama kwa wakala. Jirani yangu alitumia sehemu ya kumtumia mtu, na kabla hajabonyeza namba yake ya siri simu ilimwonyesha jina la mwanamke asiyemjua. Aliliona. Alidhani ni karani. Serikali haipokei faini kwa jina la karani.

Wengine hawatumiwi namba ya simu bali anwani ya tovuti ya kubonyeza, na hao mtego wao ni mwembamba zaidi. Tovuti ya polisi ya kutazama madeni ni `tms.tpf.go.tz`. Sasa tazama hii, ambayo nimeitunga mwenyewe kwa mfano: `tms.tpf.go.tz.lipafaini.example/deni`. Macho huona mwanzo wake yakaridhika. Lakini mwenye anwani hajulikani kwa mwanzo. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina (na kama anwani imeanza kwa `https://`, ile miwili ya hapo usiihesabu), kisha soma kurudi nyuma kutoka hapo. Katika anwani ya kwanza utakuta `go.tz`, ambayo hupewa taasisi za serikali ya Tanzania. Katika ya pili utakuta `lipafaini.example`, na yote yaliyotangulia ni mapambo ambayo mwenyewe ameyaandika apendavyo. Alama ya kufuli haikusaidii hapa, kwa sababu hata tovuti ya tapeli huweza kuwa nayo. Tena ukurasa ukikuomba namba ya siri ya simu au tarakimu za kadi ya benki ili “kuhakiki deni”, ufunge, kwani kutazama deni hakuhitaji hayo.

Kwa hiyo ujumbe ukija, usiubonyeze wala usiujibu. Andika anwani ya polisi kwa mkono wako, weka namba ya gari, utazame. Ikiwa deni lipo, lipa kwa kumbukumbu uliyoikuta humo, si ile ya kwenye ujumbe. Maana kontro namba nayo yaweza kuwa ya bili ya mtu mwingine, nawe ukamlipia. Baadaye rudi utazame tena kama deni limefutika.

Ikiwa umekwisha kulipa, ipigie kampuni yako ya simu saa hiyo hiyo. Fedha ambazo hazijatolewa huenda zikazuiliwa, zikishatolewa ni vigumu. Kama uliitoa namba ya siri, ibadilishe kwanza, na kama ni kadi, benki iifunge. Ujumbe wenyewe usiufute, upeleke kwenye namba 15040 inayopokea taarifa za utapeli. Jirani yangu alikuwa ameufuta kwa hasira, na 30,000 za pili amezilipa juzi.