Logi asilia ni eneo tu

Jamani, shuleni tulikariri ln(ab) = ln a + ln b bila kuambiwa sababu. Mimi naona tungeanza na eneo: ln t ni eneo chini ya grafu ya 1/x kutoka 1 hadi t.

Tuchukue ln 6. Kata eneo hilo kwenye 2. Sehemu ya 1 hadi 2 ni ln 2. Imebaki 2 hadi 6. Sasa chukua eneo la 1 hadi 3, ulivute upana mara mbili lifike 2 hadi 6. Kimo 1/x kinakuwa 1/(2x), yaani nusu, kwa hiyo eneo halibadiliki: ni ln 3. Hesabu: 0.693 + 1.099 = 1.792.

Weka a na b zozote kubwa kuliko 1, hoja ni ile ile. Hapo utakariri nini tena?