Kuzima kitufe peke yake hakutoshi

Wauzaji wenzangu, huku Somanda mtandao ukisuasua mteja anabofya "Hifadhi", haoni kitu, anabofya tena. Chukua mfano: oda moja ya vitenge viwili, 36,000, inazaa ankara mbili, namba 118 na 119, zimepishana sekunde tatu tu. Mteja anaonekana anadaiwa 72,000, na stoo imepungua vitenge vinne.

Fundi atakwambia kitufe kizimwe kikishabofywa. Sawa, ila mimi naona hiyo ni nusu ya kazi. Mteja akipakia ukurasa upya baada ya kutuma, fomu ile ile inaweza kwenda tena, na kitufe hakizuii kitu.

Kinga yenyewe iko kwenye seva. Kila fomu ikifunguliwa ipewe namba yake ya pekee, na fundi aweke `UNIQUE` kwenye hifadhidata ili namba hiyo isiingie mara mbili. Ombi la pili likija, seva imrudishie mteja ankara ile ile 118. Msitambue kwa jina na kiasi, maana kuna mteja anayenunua tena kweli.

Kabla hujamlipa fundi, atume fomu moja mara mbili mbele yako. Ikitoka ankara moja, mlipe.